Msitutumie picha ya kitabu, mtutumie kitabu

Goma. Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu zetu mlio katika makimbilio na katika jamaa zilizowapokea, leo nina maneno kuhusu vitabu vinavyotumwa katika simu zetu. Nayasema kama maoni yangu, lakini yalianzia njiani, katika kartie Ndosho, mama mmoja aliponisimamisha. Alikimbia vita upande wa Masisi pamoja na watoto wake. Ananijua kwa sauti tu, alinitambua nilipokuwa nikiongea na muuza makala.

"Papa wa redio," akaniambia, "kila siku munatangaza asema batoto basome na simu. Sasa mukuje muone ile kitabu. Iko ndani ya simu, lakini haisomeke."

Nilienda. Binti yake yuko mwaka wa nne wa humanite, upande wa pedagojia, anatayarisha egzeta. Shule yake ilifungwa wakati wa mapigano. Baadaye walimu walijitahidi, wakapitisha silabi ya masomo ya opsheni katika kikundi cha WhatsApp. Ni faili moja ya PDF, kurasa 84, uzito wake mega 71. Jamaa nzima ilichanga ili kununua mega za kuipakua. Simu ni moja kwa watu sita, kioo chake ni cha inchi 5.5, na chaji inalipiwa franka 500 kila mara kwenye kabine.

Binti alinionyesha namna anavyosoma. Anafungua ukurasa, haoni kitu, anatanua kwa vidole viwili. Sasa herufi zinaonekana, lakini mstari umekatika katikati. Anavuta kuume ili amalize mstari, anavuta kushoto ili atafute mwanzo wa mstari unaofuata, anapotea, anaanza tena. Ukurasa mmoja ulimchukua dakika tisa. Baada ya nusu saa kichwa kinamuuma. Alikuwa ameacha kwenye ukurasa wa 19, wiki tatu zilizopita.

Mama yake alifikiri ni uvivu. Binti mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba akili yake imepungua tangu wahame. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mtoto yule hakuwa mvivu, na akili yake haina shida. Shida ilikuwa ni faili, na ninaweza kuionyesha kwa hesabu.

Hesabu ya ukurasa

Karatasi ya kawaida ya silabi, ile tunayoita A4, ina upana wa sentimita 21. Simu ya inchi 5.5 ina upana wa karibu sentimita 6.8. Ukiingiza karatasi nzima katika kioo hicho, kila kitu kinapungua hadi theluthi moja. Herufi iliyopigwa kwa kipimo cha 12, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha sekretaria zetu, inakuwa chini ya 4. Hiyo ni ndogo kuliko maandishi ya karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Hakuna macho ya kijana wala ya mzee yanayosoma kurasa 84 za namna hiyo.

PDF imetengenezwa ili ukurasa ubaki vilevile kila mahali: mistari ileile, mipaka ileile, kwenye komputa, kwenye mashine ya kuchapa na kwenye simu. Kwa kuchapa hiyo ni faida. Kwa kioo kidogo ni kifungo, kwa sababu mstari haukubali kukunjwa ili uingie katika upana wa simu. Faili za namna nyingine, kama EPUB au hata Word, zikifunguliwa katika programu ya kusomea zinafanya kinyume. Ukiongeza ukubwa wa herufi, mstari unajikunja wenyewe, maneno yanashuka chini, na wewe unasoma ukishuka tu, bila kuvuta kuume wala kushoto.

Tena kuna PDF za aina mbili, na watu wengi hawajui. Moja ina maandishi ndani yake. Nyingine ni picha tupu: mtu amepiga foto ya kila karatasi na kuzifunga pamoja. Kuzitofautisha ni rahisi. Weka kidole juu ya neno moja na ukibakishe hapo sekunde mbili. Neno likipakwa rangi na vishikio viwili vikatokea pembeni, ni maandishi. Kama hakuna kinachotokea, au ukurasa mzima unatikisika tu, ni picha. Dalili nyingine ni uzito. Kurasa 84 za maneno matupu hazifikishi mega 71. Ukiona uzito huo, ujue umetumiwa foto.

Faili ya binti yule ilikuwa foto. Nyingine zilipigwa zikiwa zimeinama, na katika ukurasa wa 33 kidole cha mpigaji kilionekana kikifunika mwisho wa mistari mitatu.

Tulivyofanya na faili ileile

Kwanza nilimwomba asifungue tena kitabu kutoka ndani ya WhatsApp. Kufungua pale ni kwa kuchungulia tu, na mara nyingi ukirudi unakuta uko ukurasa wa kwanza. Tuliweka programu ya kusomea inayoitwa ReadEra. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na ikishawekwa haihitaji mega ili kufungua vitabu. Niliitoa katika simu yangu kwa njia ya kupashana faili za karibu, bila mtandao. Kuna nyingine nzuri inayoitwa Librera. Yoyote kati ya hizo inatosha, msijaze simu kwa programu kumi.

Kisha tulikata mipaka. Karatasi ya silabi ina nafasi nyeupe ya sentimita 2.5 kila upande, nayo inakula kioo bure. Katika programu hizi kuna mahali pa kukata kando za ukurasa, mara moja kwa kitabu kizima. Upana uliobaki ni sentimita 16. Kisha tukalaza simu. Simu ikilala, upana wa kioo unakuwa karibu sentimita 12. Sasa pigeni hesabu: 12 kwa 16 ni robo tatu, na robo tatu ya herufi ya 12 ni 9. Kipimo cha 9 ni karibu sawa na herufi za gazeti. Kinasomeka. Ukurasa mmoja unaonekana kwa vipande viwili au vitatu, lakini unashuka tu, huvuti pembeni.

Binti alisoma ukurasa wa 20 kwa dakika tatu. Mama yake alikuwa akiangalia saa.

Kitu cha tatu kilikuwa mwanga. Wengi wanaambiwa kwamba kuweka kioo cheusi chenye maandishi meupe kunalinda betri. Hiyo ni kweli kwa simu za bei kubwa zenye kioo cha AMOLED, ambapo sehemu nyeusi inazima kabisa. Simu nyingi tulizo nazo hapa zina kioo cha LCD. Hiyo inawaka taa nyuma ya kioo chote hata kama ukurasa ni mweusi. Kinachokula betri ni ukali wa taa, si rangi. Basi teremsha mwanga, soma kivulini mchana, zima mtandao na blutufu wakati wa kusoma. Usiku chagua rangi ya karatasi ya zamani, ile ya manjano kidogo, kwa raha ya macho yako.

Alama ya ukurasa kwa simu ya watu sita

Programu ya kusomea inakumbuka yenyewe mahali ulipoachia. Kwa simu ya mtu mmoja hilo linatosha. Kwa simu ya jamaa halitoshi, kwa sababu inakumbuka mahali pa mtu wa mwisho. Katika jamaa ile, kaka mdogo alikuwa anafungua silabi ya dada yake kwa kucheza, na dada akirudi anajikuta ukurasa wa 71.

Dawa ni kuweka alama kwa mkono. Juu ya ukurasa kuna kialama cha utepe, unakigusa, na ukurasa ule unaingia katika orodha ya alama za kitabu. Kesho yake unafungua orodha, unagusa, unafika. Ukiendelea mbele weka alama mpya na ufute ya zamani, la sivyo baada ya mwezi utakuwa na alama arobaini na hutajua ipi ni ya leo. Alama za kudumu ziwekeni tu kwenye sehemu za kurudia: mahali pa fafanuzi na pa maswali.

Lakini kuna mambo mawili ambayo ninaomba myashike vizuri, zaidi sana ninyi mnaohamahama.

La kwanza, alama hizo hazikai ndani ya kitabu. Zinakaa ndani ya programu, katika simu ile ile. Ukimtumia rafiki yako kitabu, alama haziendi nacho. Simu ikiibiwa njiani, ikiuzwa ili mpate chakula, au mtu akifuta programu ili apate nafasi ya video, alama zote zimekwenda. Kwa hiyo binti yule sasa ana karatasi iliyokunjwa katika mfuko: jina la somo, sura, kichwa kidogo alichofikia, na tarehe. Karatasi haihitaji chaji.

La pili, katika kitabu cha EPUB au Word ndani ya programu ya kusomea, hesabu ya kurasa inabadilika kila unapobadilisha ukubwa wa herufi. Ukurasa wa 45 kwangu unaweza kuwa wa 112 kwako, na sote wawili tuko katika mstari uleule. Nimesikia wanafunzi wakigombana kwa jambo hili, kila mmoja akidai mwenzake ana kitabu cha uongo. Mwalimu akisema katika kikundi "fungueni ukurasa wa 45", nusu ya darasa imepotea. Aseme "sura ya 3, kichwa cha 2". Hicho hakibadiliki.

Faili ya kweli ilikuwa wapi

Sasa ninafika kwenye neno langu. Kukata mipaka na kulaza simu ni kupunguza maumivu tu. Niliporudi nyumbani swali moja lilinisumbua: silabi ile ilikuwa imepigwa kwa komputa, herufi zake ni za mashine. Basi maandishi yenyewe yako wapi?

Nilimpigia mwalimu mmoja wa shule ile. Alinijibu kwa upole na bila kuficha.

"Iko kwenye komputa ya sekretaria," akasema. "Sisi tulikuwa na ile ya karatasi tu, njo tukapiga foto. Hatukufikiria kuomba ile ingine."

Siku mbili baadaye alinitumia faili ya Word. Uzito wake haukufika hata mega moja. Rudieni kusoma: mega 71 kwa picha yenye kidole cha mtu, na chini ya mega moja kwa silabi kamili yenye maandishi safi. Jamaa ile ilikuwa imelipa zaidi ya mara sabini kwa kitu kibaya zaidi, wakati kizuri kilikuwa kimelala katika komputa ya shule.

Tuliifungua ileile katika ReadEra. Binti aliongeza herufi mpaka zikamridhisha, akaachanisha mistari kidogo, akasimamisha simu kama kawaida na kusoma kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa umeshika mtoto wa dada yake. Halafu akaona kitu ambacho picha haikuweza kumpa: mahali pa kutafuta neno. Aliandika "motivation", na simu ikamwonyesha kila mahali neno hilo lilipo katika silabi nzima. Egzeta ya opsheni ni maswali ya kuchagua jibu moja, na maswali hayo yanapenda kulinganisha maneno yanayofanana. Kumwona mwanafunzi akikusanya maelezo yote ya neno moja kwa dakika moja, hilo ni jambo la kweli, si maneno ya mkutano.

Na yule asiyeweza kusoma kwa kioo

Kuna waliochoka macho, kuna wanaosoma polepole, na kuna wanaobeba maji na kuni mchana kutwa. Kwao sauti ndiyo kitabu. Hapa pia faili ya maandishi inashinda, kwa sababu simu yenyewe inaweza kuisoma kwa sauti. Katika mipangilio ya simu iliyo kwa Kifaransa mtaona maneno "Synthèse vocale". Hapo ndipo unachagua sauti na kupakua lugha, mara moja tu, mahali penye mtandao. Baada ya hapo inasoma bila mega. Lakini chagueni lugha inayolingana na kitabu. Sauti ya Kifaransa ikisoma hadithi ya Kiswahili inatamka kila "u" kwa midomo iliyobana, na watoto wanacheka badala ya kufuata. Na ile PDF ya picha? Ukiiagiza isome, inanyamaza. Haina neno hata moja ndani yake.

Sauti ya mashine haina uhai, ninakubali. Kwa silabi inatosha. Kwa hadithi afadhali mtu. Na hapa sisi watu wa redio tuna ujuzi wa kutoa. Mtu mmoja mwenye simu nzuri anaweza kusomea darasa zima, akizingatia mambo machache.

Arekodi katika chumba kidogo chenye nguo au mablanketi, si chini ya mabati wakati wa mvua. Asitoe faili moja ya saa tatu. Atoe sura kwa sura, na sura ndefu aikate vipande vya dakika kumi. Kwa sauti ya mtu anayesoma, hakuna haja ya ubora wa muziki. MP3 ya njia moja, kwa kipimo cha kilobiti 32 kwa sekunde, inasikika vizuri, nayo ni karibu mega 14 kwa saa nzima. Kipande cha dakika kumi hakifiki mega 2.5. Ileile kwa kilobiti 128 itakuwa mara nne, na hakuna sikio litakalopata faida yoyote kwa somo la pedagojia.

Iwe MP3, si namna nyingine, kwa sababu simu ndogo za vibonyezo zenye karte memwari zinaifungua, lakini sauti za WhatsApp nyingi kati ya hizo haziwezi kuzifungua. Mama wengi katika makimbilio wana simu hizo tu. Na majina ya faili yaanze kwa tarakimu mbili, hivi:

```
01-Utangulizi.mp3
02-Mtoto-na-mazingira.mp3
10-Maswali.mp3
```

Ukiandika 1, 2, 3 mpaka 10, simu nyingi zinapanga 10 mara tu baada ya 1, kisha ndipo 2. Msikilizaji anaruka kutoka utangulizi hadi maswali ya mwisho na anafikiri sura zimepotea. Ile sufuri moja mbele inamaliza shida yote.

Simu ya vibonyezo ikizimwa, nyingi hazikumbuki dakika uliyofikia. Ndiyo maana vipande viwe vifupi: jina la kipande ndilo alama yako ya ukurasa. Unakariri "nimefika 07", inatosha. Wenye simu za kugusa wanaweza kuweka programu ya vitabu vya sauti, kama ile inayoitwa Voice. Inakumbuka dakika na sekunde, inakubali alama, na ina saa ya kujizima baada ya muda kidogo. Mwenye kusikiliza kitandani aiweke dakika 15, la sivyo kitabu kitasoma mpaka asubuhi, na betri itakufa pamoja nacho.

Kwa walimu na mashirika

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu nimeshayasikia.

Mtasema PDF inalinda kazi, mtu hawezi kuibadilisha. Lakini aliyetaka kuiba silabi ataichapa hata kwa picha. Anayezuiliwa ni mwanafunzi mwaminifu.

Mtasema hesabu, kemia na michoro vinaharibika katika EPUB na havisomeki kwa sauti. Hapo mna haki. Sehemu na alama za mizizi zinaweza kuvurugika mstari ukijikunja, na sauti ya mashine ikikutana na fomula inasoma herufi moja moja bila maana. Kwa masomo hayo PDF ibaki. Lakini itengenezwe kwa ajili ya simu. Katika Word, kabla ya kuhifadhi, badilisheni ukubwa wa karatasi uwe A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, mipaka iwe nusu sentimita, herufi ziwe 14. Rudini kwenye hesabu yetu: 6.8 kwa 10.5 ni karibu theluthi mbili, na herufi ya 14 inatokea kama 9 kwenye kioo, simu ikiwa imesimama, bila kutanua. Kurasa zitaongezeka mara tatu au zaidi. Katika simu hakuna anayelipia karatasi.

Tumieni pia vichwa vya kweli vya Word kwa kila sura, vile vilivyoandikwa "Titre 1" na "Titre 2", si herufi nene tu. Wakati wa kuhifadhi PDF, Word inaweza kugeuza vichwa hivyo kuwa orodha ya sura ambayo msomaji anagusa ili kufika. Tafuteni neno "signets" katika chaguo za kuhifadhi na muliwekee alama. Orodha hiyo inakaa ndani ya faili, si kama alama za msomaji, kwa hiyo inasafiri na kitabu hadi simu ya mwisho kabisa.

Mtasema pia kuna silabi ambazo maandishi yake hayapo tena, komputa iliibiwa au sekretaria iliungua. Hapo foto ndiyo njia iliyobaki, sitabisha. Basi pigeni mchana, karatasi ikiwa imelala sawa, ukurasa mmoja kwa foto moja, kwa rangi nyeusi na nyeupe ili uzito upungue. Kateni mipaka kabla ya kutuma. Na gaweni sura kwa sura, ili mwenye mega chache apate leo sura ya leo. Mtu mmoja azitazame zote kabla ya kutuma. Dakika ishirini za mtu mmoja zingemwondolea kila mwanafunzi wa darasa lile kidole cha ukurasa wa 33.

Kwa watoto wadogo kazi imeshafanywa na wengine. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, za bure, zenye ruhusa ya kupakuliwa na kugawanywa, na ni fupi. LibriVox ina vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu kwa Kifaransa, vya bure pia. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri anaweza kuvipakua na kuvipitisha kwa karte memwari moja katika blok nzima ya makimbilio.

Ninachoomba mimi ni kidogo. Kabla ya kutuma kitabu katika kikundi, kifungue wewe mwenyewe katika simu ndogo kuliko zote za ofisi yako, ukiwa umezima mtandao, na usome kurasa tano mfululizo. Ukishindwa, usitume. Na ninyi wazazi, kitabu kikija kizito na hakisomeki, msimlaumu mtoto kwanza. Wekeni kidole juu ya neno kwa sekunde mbili. Kama ni picha, ulizeni kwa adabu: "Mwalimu, tafadhali, ile ya komputa iko?" Mara nyingi iko, ni kwamba hakuna aliyeiomba.

Binti wa Ndosho juzi alikuwa amefika sura ya 6. Mama yake hakusema mengi aliponiona. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, mahali binti alipokaa na simu, akaniambia: "Sasa shida ni kumutoa pale, papa. Sahani hazioshwe."